Uwiano wa Sharpe ukilinganisha mikakati miwili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa watu wanaokaa kwenye kamati za uwekezaji za vikundi na vyama vya akiba, wanaonunua hisa kwa fedha zao wenyewe, au wanaojifunza kazi ya kusimamia mifuko. Karibu wote hufika na karatasi ileile: mikakati miwili, safu mbili za faida za kila mwezi, na tarakimu moja chini ya kila safu. Tarakimu ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili. Swali ni kama hilo linatosha kuamua.

Uwiano wa Sharpe ni nini, na unahesabiwaje?

Ni faida ya ziada ikigawanywa kwa kuyumba kwa faida hiyo. Faida ya ziada ni ile uliyoipata juu ya kile ambacho ungekipata bila kuhatarisha kitu, kwa kawaida riba ya dhamana za serikali za muda mfupi. Kuyumba hupimwa kwa mkengeuko sanifu, yaani kwa wastani faida ya mwezi hukaa mbali kiasi gani na wastani wake.

Mwanauchumi Mmarekani William Sharpe aliutumia mwaka 1966 kulinganisha mifuko 34 ya uwekezaji wa pamoja ya Marekani. Mwaka 1994 aliurudia na kusisitiza jambo ambalo wengi bado hulikosea: unaanza kwa kuiondoa riba hiyo kwenye faida mwezi kwa mwezi, kisha mkengeuko unaupima kwenye hiyo tofauti, si kwenye faida ghafi.

Kwenye Excel, weka faida ya mkakati safu ya B na riba ya mwezi huo safu ya C (riba ya mwaka gawa kwa 12). Safu ya D iwe B kutoa C. Kwa miezi 36, uwiano wa mwaka ni huu:

```
=AVERAGE(D2:D37)/STDEV.S(D2:D37)*SQRT(12)
```

Kipeuo cha pili cha 12 kipo pale kwa sababu wastani wa mwaka ni mara 12 ya wa mwezi, lakini mkengeuko hukua kwa kipeuo cha pili tu, iwapo miezi haitegemeani. Shikilia hilo “iwapo”, tutalirudia.

Kwa nini tugawanye? Si tuangalie faida tu?

Kwa sababu faida unaweza kuikuza kwa mkopo bila kuwa na ujuzi wowote. Tuseme riba isiyo na hatari ni asilimia 8 kwa mwaka. Mkakati A unaleta asilimia 14 na unayumba kwa asilimia 4. Mkakati B unaleta asilimia 20 na unayumba kwa asilimia 10. Uwiano wa A ni 6 gawa kwa 4, yaani 1.5. Wa B ni 12 gawa kwa 10, yaani 1.2. Ukikopa mpaka uwe na mara 2.5 ya mtaji wako kwenye A, kuyumba kwake kunafika asilimia 10 kama B, na faida inakuwa mara 2.5 ya 14, ambayo ni 35, kutoa riba ya mkopo wa mara 1.5 ya mtaji kwa asilimia 8, ambayo ni 12. Unabaki na asilimia 23. Kwa kuyumba kulekule, A imeipita B. Hiyo ndiyo maana halisi ya uwiano mkubwa zaidi, na ni hoja nzuri.

Sasa angalia imesimama juu ya nini. Imesimama juu ya kukopa kwa asilimia 8, riba ambayo serikali inakopea. Nani kati yetu anakopa kwa riba ya serikali? Rudia hesabu kwa mkopo wa benki wa asilimia 16: 35 kutoa 24 ni 11. Asilimia 11 dhidi ya 20 za B. Mtu asiyeweza kukopa kwa bei nafuu, na anayehitaji faida kubwa kuliko 14, B inamfaa zaidi ingawa uwiano wake ni mdogo. Kwa chama cha akiba ambacho katiba yake inakataza kukopa ili kuwekeza, mlinganisho wa Sharpe kati ya mkakati mtulivu na mkakati wenye mtikisiko hauwezi kusimama peke yake, kwa sababu ile njia ya kuubadilisha mmoja ufanane na mwingine imefungwa.

Nitoe riba ipi?

Ya sarafu ileile ambayo faida imeandikwa, na ya mwezi uleule. Ni jambo dogo kwa sura, lakini linaweza kugeuza mshindi. Chukua A na B hao hao. Tuliona kwamba riba ikiwa asilimia 8, A ina 1.5 na B ina 1.2. Weka asilimia 10: A ni 4 gawa kwa 4, B ni 10 gawa kwa 10, sawa kwa sawa. Weka asilimia 12: A inabaki na 2 gawa kwa 4, yaani 0.5, na B ina 8 gawa kwa 10, yaani 0.8. Faida hazijaguswa, mitikisiko haijaguswa, lakini aliyekuwa wa kwanza amekuwa wa pili. Kadiri kuyumba kunavyokuwa kudogo, ndivyo kila asilimia moja ya riba inavyouma zaidi.

Kwetu hili si la darasani. Nchini Kenya riba ya dhamana za siku 91 ilipita asilimia 15 katika nusu ya kwanza ya 2024, na kufikia katikati ya 2025 ilikuwa imeshuka hadi kama asilimia 8. Mtu akitumia riba moja, tuseme hiyo ya asilimia 8, kwa miaka mitatu yote, anaupendelea mkakati mtulivu bila kujua. Na anayepima mfuko wa shilingi kwa kutoa riba ya dola anaupa zawadi isiyo yake: sehemu kubwa ya kile anachokiita faida ya ziada ni tofauti tu ya riba za nchi mbili.

Mkakati mmoja una 2.77 na mwingine 0.69. Si jibu limeshapatikana?

Hili ndilo swali ninalolijali kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza fedha za wenzao wakiwa na nia njema.

Tufanye hesabu yenyewe. Mkakati wa kwanza tuuite wa hisa: kwa miezi 35 umeleta faida ya ziada ya wastani wa asilimia 0.7 kwa mwezi, na mkengeuko wa asilimia 3.5. Uwiano wa mwezi ni 0.2, wa mwaka 0.69. Mkakati wa pili tuuite wa bima, kwa sababu unafanya kazi kama kampuni ya bima isiyo na akiba: unauza ulinzi dhidi ya siku mbaya za soko na kukusanya ada kila mwezi. Kwa miezi hiyo 35 umeleta wastani wa asilimia 0.8, na mkengeuko wa asilimia 1 tu. Uwiano wa mwezi ni 0.8, wa mwaka 2.77. Ni mara nne ya mwenzake. Kwenye mchoro mstari wake unapanda kama ngazi, wakati wa hisa unapanda na kushuka kama barabara ya milimani.

Mwezi wa 36 soko linaanguka. Hisa zinapoteza asilimia 5. Muuza bima analipa madai na kupoteza asilimia 20. Rudia hesabu kwa miezi yote 36. Uwiano wa hisa umeshuka kutoka 0.69 hadi 0.52. Wa bima umeshuka kutoka 2.77 hadi 0.21. Ukijumlisha tu faida za ziada za kila mwezi, hisa zimeleta asilimia 19.5 na bima asilimia 8.

Mkakati haukubadilika katika mwezi wa 36. Ulikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, ila sampuli haikuwa imeliona tukio ambalo ada zilikuwa zinalipwa kwa ajili yake. Mkengeuko sanifu hupima mtawanyiko wa yaliyotokea. Mkakati ukijengwa ili ulete faida ndogo mara nyingi na hasara kubwa mara chache, basi kwa sehemu kubwa ya maisha yake utaonekana mtulivu, na uwiano wake utakuwa wa juu kabisa muda mfupi kabla ya kuanguka.

Soko la Marekani lilitoa mfano wake hadharani. Kulikuwa na hati iliyouzwa kwenye soko la hisa kwa alama ya XIV, iliyotolewa na benki ya Credit Suisse kuanzia mwishoni mwa 2010. Ilipata faida pale VIX, kipimo cha mtikisiko unaotarajiwa wa hisa za Marekani, kilipotulia au kushuka. Mwaka 2017 masoko yalikuwa matulivu mno, na thamani ya XIV ilizidi mara mbili katika mwaka huo mmoja. Tarehe 5 Februari 2018 fahirisi ya hisa ya S&P 500 ilishuka kama asilimia 4. VIX iliruka kutoka 17.31 hadi 37.32 siku hiyohiyo, na XIV ikapoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake. Mwezi huo huo ilifutwa sokoni. Tazama uwiano wa mambo: asilimia 4 kwa mwenye hisa, karibu kila kitu kwa mwenye XIV.

Nitajuaje kama mkakati ni wa aina hiyo, kabla ya mwezi mbaya kufika?

Usianze na takwimu. Anza kwa kuuliza nani anamlipa nani, na kwa nini. Kila faida ya ziada inatoka kwa mtu. Kama jibu ni “tunapata ada kwa kuahidi kununua bei ikianguka”, au “tunakopa kwa riba nafuu na kukopesha kwa watu ambao wengine wanawaogopa”, umeshajua kwamba hasara ipo na inasubiri.

Kisha fanya jaribio la mwezi ambao haujatokea. Chini ya safu ya mkakati, ongeza mstari mmoja wenye hasara na uone uwiano unafika wapi. Kwenye mfano wetu, hasara ya karibu asilimia 14 katika mwezi mmoja inatosha kuushusha mkakati wa bima mpaka ulingane na ule wa hisa baada ya mwezi wao mbaya. Swali sasa limekuwa la kibinadamu na linajibika: je, ninaweza kuufikiria mwezi ambao huu unapoteza asilimia 14? Kama ni ndiyo, ule uwiano mkubwa mara nne mezani si wa kuutegemea. Jaribio hili linachukua dakika moja, na mara nyingi linageuza mjadala wa kikao kizima.

Ukitaka dalili kwenye takwimu zenyewe, linganisha mwezi mbaya kuliko yote na mwezi mzuri kuliko yote, kila mmoja ukiupima kwa umbali wake kutoka kwenye wastani. Mkakati ambao mbaya wake uko mbali zaidi kuliko mzuri wake umeinamia upande wa hasara. Lakini kutoonekana kwa dalili hiyo hakuthibitishi kitu, maana miezi 35 ya kwanza ya mkakati wetu wa bima isingeonyesha chochote.

Ni kweli kwamba faida kubwa inaweza kuushusha uwiano?

Ni kweli, na hesabu yake inashangaza. Rudi kwenye miezi 35 ya mkakati wa bima yenye uwiano wa 2.77. Badala ya hasara ya asilimia 20, mpe mwenye mkakati zawadi ya faida ya asilimia 20 katika mwezi wa 36. Wastani unapanda kutoka 0.8 hadi 1.33 kwa mwezi. Mkengeuko nao unapanda kutoka 1 hadi kama 3.35. Uwiano wa mwaka unashuka hadi 1.38. Mtu kapata fedha nyingi zaidi, hakupoteza hata senti ya ziada, na kipimo kinasema amekuwa mbaya mara mbili.

Hii inaumiza hasa mikakati ya kufuata mwelekeo wa bei, ambayo hupoteza kidogo kidogo miezi mingi halafu hupata sana mara chache. Ni picha ya kioo ya muuza bima. Ukiiweka miwili hiyo upande kwa upande na kuangalia Sharpe peke yake, katika miaka mitulivu utamchagua muuza bima karibu kila mara.

Basi nitumie kipimo cha Sortino, kinachohesabu kushuka tu?

Kinaondoa tatizo la swali lililotangulia: hakimwadhibu mtu kwa kupata. Hakiondoi tatizo la XIV. Kipimo cha Sortino hugawanya kwa mtawanyiko wa miezi iliyokuwa chini ya kiwango ulichokiweka. Kama hasara kubwa haijatokea ndani ya sampuli, mtawanyiko huo unakuwa mdogo sana, na muuza bima anaonekana bora hata kuliko alivyoonekana kwa Sharpe. Ndivyo ilivyo pia kwa vipimo vinavyogawanya kwa anguko kubwa kuliko yote lililoonekana. Tatizo ni la ushahidi uliopo mezani, na kubadilisha fomula hakuongezi ushahidi.

Miaka mitatu ya takwimu inatosha kusema mmoja ni bora?

Mara nyingi haitoshi, hata pale ambapo hakuna bima iliyofichwa na kila kitu ni safi. Uwiano unaoupata ni makadirio, na una kosa la makadirio kama kura ya maoni. Kwa mikakati ya kawaida, kosa la uwiano wa mwaka ni takriban 1 gawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya miaka. Kwa miaka 3 ni 0.58. Kwa miaka 16 ni 0.25. Mwaka 2002 mwanauchumi wa masuala ya fedha Andrew Lo alichapisha makala inayoonyesha kosa hilo linavyopatikana na linavyobadilika pale miezi inapotegemeana, na tangu hapo ni vigumu kuona kwa nini mtu aandike uwiano bila kuliweka kando yake.

Kwa hiyo 0.69 ya mkakati wa hisa, ikipimwa kwa miaka 3, inaafikiana na uwiano wa kweli popote kati ya takriban −0.5 na 1.9, ukichukua makosa mawili kila upande. Ni pana kiasi hicho.

Tofauti kati ya mikakati miwili ni ngumu zaidi kuipima, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: yote yanategemea jinsi mikakati hiyo inavyokwenda pamoja. Tuseme uwiano wa kweli wa mmoja ni 0.7 na wa mwingine 0.4. Kama faida zao hazihusiani kabisa, utahitaji kama miaka 89 ili tofauti hiyo ya 0.3 ifikie makosa mawili ya makadirio. Kama uhusiano wao ni 0.5, miaka 44. Kama ni 0.9, miaka 9 tu. Sababu ni kwamba mikakati inayokwenda pamoja inapigwa na upepo uleule, na ukitoa mmoja kwa mwingine upepo huo unajifuta. Uhusiano unaupata hivi, safu ya E ikiwa faida ya ziada ya mkakati wa pili:

```
=CORREL(D2:D37,E2:E37)
```

Maana yake kwenye kikao ni hii. Kulinganisha mifuko miwili ya hisa za soko moja kwa miaka kumi ni kazi yenye matumaini. Kulinganisha mfuko wa hisa za Dar es Salaam na mkakati wa sarafu za kigeni kwa miaka mitatu, kisha kutangaza kwamba 0.7 imeishinda 0.4, ni kusoma kelele.

Nilijaribu kanuni nyingi za kununua na kuuza, nikachagua iliyo bora. Uwiano wake ni 1.1. Ni mzuri?

Umejaribu ngapi? Ukijaribu kanuni 20 zisizo na ujuzi wowote, zisizohusiana, kila moja kwa miaka 3 ya takwimu, iliyo bora kati yake inatarajiwa kuwa na uwiano wa kama 1.1 kwa bahati peke yake. Ukijaribu 100, kama 1.45. Idadi ya majaribio ni sehemu ya matokeo na iandikwe karibu na uwiano. Anayekuletea mkakati na kusema hakumbuki alijaribu mingapi hajakupa taarifa ya kutosha kuulinganisha na chochote.

Mfuko wetu karibu hauyumbi kabisa. Mbona mnautilia shaka?

Kwa sababu kuna utulivu wa biashara na kuna utulivu wa vitabu. Kama mali za mfuko hazina bei ya kila siku, mtu anazikadiria, na makadirio huchelewa. Jengo, mkopo kwa kampuni binafsi, au hisa ambayo haikuuzwa wiki nzima, vyote vinabaki na bei ya zamani huku soko limeshasogea. Kwenye masoko yetu ya Nairobi na Dar es Salaam zipo hisa ambazo hupita siku bila kubadilishana mikono, na bei inayoandikwa ni ya mara ya mwisho zilipouzwa.

Angalia kinachotokea kwenye hesabu. Tuseme faida halisi ya mwezi inaandikwa nusu mwezi huu na nusu mwezi unaofuata. Hakuna shilingi iliyoibwa, na wastani haujabadilika. Lakini mkengeuko umeshuka hadi asilimia 71 ya ule wa kweli, na uwiano umepanda kwa asilimia 41. Mkakati wetu wa hisa wa 0.69 ungeonekana kuwa 0.98, kwa uandishi wa vitabu tu. Ukiulinganisha na mwenzake ambaye bei zake ni za kila siku, unamwadhibu aliyesema ukweli mapema.

Njia ya kuligundua ni kuulizia uhusiano wa kila mwezi na uliotangulia:

```
=CORREL(D2:D36,D3:D37)
```

Mkakati wenye bei za soko hukaa karibu na sifuri. Kwa miezi 36, jibu likizidi kama 0.33 si rahisi kuwa ni bahati. Katika mfano wetu wa nusu kwa nusu lingekaribia 0.5. Ndiyo ile “iwapo” ya mwanzo: miezi inategemeana, kwa hiyo kuzidisha kwa kipeuo cha pili cha 12 hakufai tena.

Dawa ya kwanza ni nyepesi. Jumlisha faida za miezi mitatu mitatu, pata uwiano wa robo mwaka, uzidishe kwa kipeuo cha pili cha 4, yaani 2. Katika mfano huo uwiano unashuka kutoka 0.98 hadi kama 0.76, kwa sababu ndani ya robo mwaka sehemu kubwa ya ucheleweshaji inajirudishia. Kama uwiano wa mkakati wako unashuka sana kila unapopanua kipindi, umepata jibu lako.

Mifuko ya soko la fedha ni kisa cha mbali zaidi. Riba inalimbikizwa siku kwa siku, thamani haishuki, na mkengeuko unakaribia sifuri. Ukiigawanya hata faida ya ziada ya asilimia 1 kwa mkengeuko wa asilimia 0.2 unapata 5, uwiano ambao hakuna mkakati wa hisa utaufikia. Usiuweke kwenye jedwali moja na hisa. Hatari ya mfuko huo iko kwa benki na kampuni ulikowekwa mtaji, na siku ambayo watu wengi watataka fedha zao kwa pamoja. Kuyumba kwa kila mwezi hakugusi hata moja ya hizo mbili.

Na kama uwiano wa mikakati yote miwili uko chini ya sifuri?

Usiupange kabisa. Mikakati miwili ikipoteza asilimia 2 chini ya riba, mmoja ukiyumba kwa asilimia 5 na mwingine kwa asilimia 10, uwiano ni −0.4 na −0.2. Kipimo kinamsifu aliyeyumba zaidi kwa hasara ileile. Katika hali hiyo andika faida ya ziada na mkengeuko kwenye safu mbili tofauti, na uache kugawanya.